Pengo la Kinga: Uchambuzi wa Mazungumzo ya Daktari wa Mifugo na Mwenye Mtoto wa Mbwa

Uchunguzi wa kwanza wa mtoto wa mbwa ni kazi ambayo sehemu yake kubwa hufanyika kwa maneno, kwa kuwa daktari humwona mnyama kwa muda mfupi tu, ilhali mwenye mbwa hukaa naye usiku na mchana, na ndiye atakayeamua kama mnyama atarudishwa kwa chanjo ya pili, kama ataachwa azurure barabarani, na kama ataletwa kliniki siku ya kwanza ya kutapika au siku ya tatu. Mazungumzo yanayochambuliwa hapa ni ya mfano, yaliyotungwa kwa mazingira ya Bujumbura, lakini taratibu za tiba zilizomo ndizo zinazofuatwa katika chanjo ya mbwa popote pale. Mwenye mbwa ni mama mkazi wa Bwiza, ambaye hajawahi kufuga mbwa na ambaye amenunua mtoto dume kwa ajili ya ulinzi wa nyumba. Mnyama ana uzito wa kilo 3.

Daktari hakuanza kwa kuuliza juu ya chanjo. Alisema, "Karibu, mama. Nieleze habari zake tangu afike nyumbani." Mama akajibu, "Daktari, nimemleta achomwe sindano. Aliyeniuzia alisema ana miezi mitatu na ameshachanjwa mara moja." Hapo ndipo madaktari wengi hukatiza, kwa sababu jibu limekwisha kutaja kazi ya kufanya. Utafiti wa Beckman na Frankel, uliochapishwa mwaka 1984 kuhusu madaktari wa binadamu, ulionyesha kwamba mgonjwa alikatizwa kwa wastani wa sekunde 18 baada ya kuanza kueleza shida yake, na hakuna sababu ya kudhani kwamba wenye wanyama wana bahati zaidi. Daktari huyu alimshika mbwa, akaanza kumpapasa taratibu, kisha akauliza, "Na kingine?" Mama alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Jana alitapika kitu kama uzi mweupe, kikawa kinajikunja. Nina mtoto anayetambaa, daktari. Sikulala." Hofu hiyo ndiyo iliyomleta kliniki, na kama isingetolewa mapema, maelezo yote ya chanjo yangemwagwa kwenye masikio ya mtu anayewaza jambo jingine.

Kabla ya kumjibu, daktari alilazimika kupata umri wa mbwa, kwa kuwa ratiba yote huhesabiwa kutoka hapo. Alifungua mdomo na kuonyesha kwamba meno ya mbele yote ni ya utoto, madogo na makali kama sindano, na kwamba hakuna hata moja lililoanza kulegea. Meno hayo kwa kawaida huanza kung'oka mtoto anapofikisha miezi mitatu hadi minne, kwa hiyo meno peke yake hayawezi kukanusha kauli ya muuzaji. Hata hivyo, yakiwekwa pamoja na umbo la mnyama na uzito wake, yalimwelekeza kwenye wiki 8 hivi, na daktari akachagua makadirio ya chini. Uamuzi huo una hoja nyuma yake: mtoto aliyedhaniwa mdogo kuliko alivyo hupata sindano moja ya ziada isiyomdhuru, lakini aliyedhaniwa mkubwa kuliko alivyo humaliza ratiba kabla kinga yake haijawa tayari kujengwa. Chanjo aliyotaja muuzaji haikuwa na kadi, na kwa kanuni ya kazi hii chanjo isiyoandikwa huhesabiwa kuwa haikutolewa.

Kuhusu minyoo, daktari alijibu hofu kwa kutenganisha kilicho hatari na kisicho hatari. Uzi ule mweupe ni mnyoo mviringo uitwao toksokara, na watoto wengi wa mbwa huzaliwa nao, kwa sababu viluwiluwi vyake hulala katika mwili wa mama, huvuka hadi kwa mimba, kisha huendelea kupita katika maziwa. "Basi si uchafu wa nyumba yangu?" aliuliza mama. "Hapana, mama. Alikuja nao." Mayai ya mnyoo huyo, ambayo hutoka na kinyesi, hayawezi kumwambukiza mtu siku hiyo hiyo, kwa kuwa yanahitaji kukaa kwenye udongo kwa majuma kadhaa ndipo yakomae, kwa hiyo kinyesi kinachookotwa kila siku hakipati nafasi ya kuugeuza uwanja kuwa hatari kwa mtoto anayetambaa. Dawa iliyochaguliwa ni fenbendazoli, ambayo kipimo chake ni miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku kwa siku 3 mfululizo. Kwa kilo 3 hiyo ni miligramu 150, na dawa ya maji yenye miligramu 100 katika kila mililita ikahitaji mililita 1.5, ambazo daktari alizivuta kwenye bomba lisilo na sindano na kumwonyesha mama mstari wenyewe. Alimtahadharisha pia kwamba minyoo ikionekana kwenye kinyesi baada ya dawa, hiyo ni ishara ya dawa kufanya kazi, na kwamba dozi itarudiwa baada ya wiki mbili, kisha kila mwezi hadi mbwa atimize miezi sita, kwa sababu viluwiluwi vilivyo nje ya utumbo huendelea kuingia humo baada ya ile ya kwanza kufa.

Baada ya hapo ndipo lilipofikiwa jambo gumu kuliko yote katika ziara ya kwanza, yaani kumweleza mtu kwamba sindano anayoilipia leo huenda isifanye kazi. Mama aliuliza swali ambalo kila mwenye mbwa huuliza: "Akichomwa leo, kesho naweza kumtoa nje?" Jibu sahihi linategemea dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama mzazi, ambayo humpa mtoto sehemu kubwa ya kingamwili zake katika siku ya kwanza ya maisha. Kingamwili ni protini za damu zinazotambua kimelea na kukizuia. Hizi za kuazimwa haziongezeki. Hupungua kwa nusu takriban kila siku 10. Tatizo ni kwamba chanjo ya parvo, ambayo ni virusi hai vilivyodhoofishwa, huzuiwa na kingamwili hizo hizo, na huzuiwa hata zinapokuwa zimepungua kiasi cha kutoweza tena kuvizuia virusi kamili vya ugonjwa.

Hesabu ya mfano inaonyesha ukubwa wa pengo hilo. Ikichukuliwa kwamba ugonjwa hupenya kinga ikishuka chini ya 80, na kwamba chanjo hushika tu ikishuka chini ya 20, mtoto aliyepata kiwango cha 640 atafika 80 siku ya 30 na 20 siku ya 50, kwa hiyo sindano ya wiki ya 8, ambayo ni siku ya 56, itamkuta tayari. Ndugu yake wa uzao huo huo aliyenyonya vizuri zaidi akapata 2,560 atafika 80 siku ya 50 na 20 siku ya 70. Huyu, siku ya 56, ameshapoteza ulinzi dhidi ya ugonjwa lakini bado anaiua chanjo, na yule aliyenyonya zaidi ndiye anayeachwa wazi baada ya sindano. Viwango halisi hutofautiana, na daktari asiyepima damu hawezi kujua ni yupi kati ya hao wawili aliye mezani kwake. Ndiyo maana sindano hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka mtoto afikishe wiki 16 au zaidi. Kwa mbwa huyu ratiba ikawa wiki ya 8, ya 12 na ya 16.

Daktari hakumwambia mama hesabu hiyo. Alisema, "Mama yake alimwachia kinga ya kuazima. Hiyo kinga ndiyo inayoifukuza sindano yangu. Sijui itaisha wiki hii au mwezi ujao, kwa hiyo nitapiga mlango mara tatu." Ufupisho huo umepoteza namba lakini umehifadhi sababu, na sababu ndiyo itakayomrudisha mama wiki ya 12, maana mtu aliyeambiwa tu kwamba chanjo ni tatu anaweza kuona ya pili na ya tatu kuwa biashara ya kliniki.

Kilichofuata ni hatua ambayo madaktari wengi huisahau. Dalili za parvo huonekana kwa kawaida siku 3 hadi 7 baada ya maambukizi, kwa hiyo mtoto aliyeingia kliniki akiwa ameambukizwa tayari anaweza kuanza kutapika siku mbili baada ya sindano, na jirani wote watasema sindano ndiyo iliyomuua. Daktari alilitaja jambo hilo kabla ya kuvuta dawa: "Usiku wa leo anaweza kulala sana na kupungukiwa hamu ya kula kidogo, hiyo ni sindano, na kesho itakwisha. Lakini akitapika mara kwa mara, au akiharisha damu yenye harufu kali, huo ni ugonjwa. Usingoje asubuhi." Mbwa mdogo mwenye parvo hufa kwanza kwa kupoteza maji, na siku moja ya kungoja hubadilisha matokeo. Daktari aliongeza kwamba virusi hivyo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi na havifi kwa sabuni ya kawaida, bali kwa maji ya javeli, yaani klorini ya dukani, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, kwenye sakafu iliyosafishwa kwanza.

Jambo moja dogo la mikono lafaa kutajwa. Chanjo ilitoka kwenye jokofu lenye kipimajoto ndani, unga ukachanganywa na maji yake mbele ya mama, na ikachomwa papo hapo. Virusi hai vya chanjo huhitaji nyuzi 2 hadi 8 za sentigredi, na vikifa kwa joto unga haubadiliki rangi, kwa hiyo katika mji unaokatikiwa umeme mara kwa mara chupa iliyonunuliwa dukani na kuchomwa nyumbani inaweza kuwa maji matupu bila mtu yeyote kugundua.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ilipangiwa wiki ya 12, pamoja na ya pili ya parvo, kisha irudiwe baada ya mwaka. Katika kampeni za umma watoto wadogo zaidi huchanjwa pia, kwa kuwa nafasi ya kuwapata haiji mara mbili, lakini mnyama mwenye miadi anaweza kungoja. Hadi siku hiyo, mama aliagizwa kwamba mtu yeyote akiumwa na mbwa, wa kwake au wa mtaani, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kisha aende hospitali.

Mwishoni daktari hakuuliza, "Umeelewa?", swali ambalo jibu lake huwa ndiyo daima. Aliuliza, "Ukifika nyumbani utawaambia nini watoto?" Mama akasema, "Nitawaambia asitoke nje kabisa, asiguswe na mtu, mpaka sindano ya tatu." Jibu hilo lilifichua kosa ambalo daktari asingelijua vinginevyo, kwa sababu majuma kuanzia la tatu hadi la kumi na mbili hivi ndiyo ambamo mbwa huzoea watu, sauti na wanyama wengine, na anayefungiwa wakati huo huelekea kukua akiwa mwoga na mwepesi wa kuuma. Daktari akarekebisha: watoto wamguse na wanawe mikono, abebwe mikononi hadi sokoni asikie pikipiki na kelele, acheze na mbwa wa jirani mwenye kadi ya chanjo, ila miguu yake isikanyage barabara na majalala wanakopita mbwa wasio na mwenyewe. Mama akayarudia hayo mara ya pili, safari hii bila kukosea, na daktari akaandika kwenye kadi tarehe ya wiki ya 12.