Bakuli Jeusi la Kyoto

Bakuli la chai la Raku halipiti kwenye gurudumu la mfinyanzi. Fundi hukaa sakafuni, ubao mbele yake, akaupiga udongo kwa viganja mpaka uwe duara bapa. Kisha huanza kuinua kingo za duara lile. Viganja viwili huukumbatia udongo kwa nje, huubana, huuzungusha kidogo, kisha huubana tena. Ukuta hupanda polepole, mnene, na bado haujavutia macho. Anapomaliza, ndani ya udongo kumebaki nafasi ya ukubwa ule ule wa viganja viwili vilivyokutana kuteka maji. Nafasi hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta.

Namna hii ya kufinyanga ilianzishwa Kyoto na Chojiro, aliyefariki mwaka 1589, na mpaka leo ukoo wa Raku unaendelea nayo, sasa ukiwa katika kizazi cha 16. Chojiro alifanya kazi chini ya jicho la Sen no Rikyu, mwalimu mkuu wa chai wa zama zile. Kabla yao, bakuli la heshima mbele ya mgeni lilikuwa la Kichina: duara kamili, lenye mng'ao, lililosafiri baharini. (Waswahili tunazifahamu bidhaa hizo, maana vigae vya vyombo vya Kichina vya karne zile vimefukuliwa Kilwa na Gedi.) Rikyu hakuvidharau vyombo hivyo. Alitaka tu bakuli la chumba chake, na chumba kinachohusishwa naye hadi leo, kile kiitwacho Taian, kina eneo la mikeka miwili tu, madirisha madogo na kuta za udongo. Mle ndani chombo kinachong'aa kingepiga kelele.

Hapo ndipo penye wabi, na ndipo wengi wanapoikosa. Siku hizi wabi-sabi huelezwa kuwa ni uzuri wa kasoro, na kila kikombe kilichopinda hupewa jina hilo. Lakini Rikyu hakuwa fukara aliyeridhika na alichonacho. Alimtumikia Toyotomi Hideyoshi, mtawala aliyekuwa na chumba cha chai kilichofunikwa dhahabu. Angeweza kutumia chombo chochote. Neno wabi awali lilibeba unyonge na upweke wa mtu aliyepungukiwa, nao watu wa chai wakaugeuza upungufu ule kuwa uamuzi: ondoa kila kitu ambacho chai haikihitaji, kisha kitunze kwa makini kilichobaki. Uamuzi huo unaonekana kwenye kisu cha fundi kuliko mahali pengine popote.

Turudi basi kwake. Bakuli limeachwa likauke nusu, mpaka limekuwa gumu kiasi cha kushikika bila kubonyea, lakini bado linakubali kisu. Fundi huligeuza kifudifudi na kuchonga kitako kwanza, akitumia chuma chembamba kilichopindwa ncha. Kisha hupanda kwenye ukuta wa nje, akikwangua vipande vyembamba, akisimama, akilipima mkononi, akikwangua tena. Halafu huingia ndani. Katikati ya sakafu ya bakuli huacha kijishimo kidogo ambamo matone ya mwisho ya chai yatakusanyika. Ukuta huachwa mnene wa kutosha, ili chai ya moto isiunguze vidole wala isipoe upesi, na mdomo hupunguzwa mahali midomo ya mnywaji itakapogusa.

Mkono ndio unaosema kazi ikoje. Uzito ukizidi chini, bakuli humlemea anayeliinua. Ukuta ukikwanguliwa kupita kiasi, joto hupenya na mnywaji hulihamisha bakuli kutoka mkono huu hadi ule. Likichongwa sawasawa, huonekana zito likiwa mkekani, nalo likiinuliwa ni jepesi kuliko jicho lilivyotarajia. Ukingo wake hupanda na kushuka taratibu, kwa sababu umekatwa kwa mkono, ila hakuna mahali unapodai kutazamwa. Yapo mabakuli mengine ya chai ya Kijapani yaliyopindwa makusudi kwa nguvu, na ladha hiyo huhusishwa na Furuta Oribe, mwanafunzi wa Rikyu. Yana uhai mwingi na uchangamfu. Lakini bakuli la Chojiro ni tulivu, karibu halina umbo la kusimulia, na kulifikisha kwenye utulivu huo ni kazi kubwa kuliko kulipinda.

Bakuli jeusi hupakwa unga wa mawe kutoka mto Kamo, unaopita katikati ya Kyoto. Mawe hayo yana madini ya chuma. Yakisagwa na kuchanganywa na maji, hupakwa kwa brashi, yakaachwa yakauke, yakapakwa tena, tabaka juu ya tabaka. Hapa hakuna njia ya mkato.

Kisha ni moto. Vyombo vingi duniani huingia tanurini kwa makumi, lakini bakuli jeusi la Raku huchomwa moja moja, katika tanuri dogo la makaa linalopulizwa kwa mivukuto mpaka joto lipite nyuzi 1,000. Fundi hutazama uso wa bakuli. Mpako huchemka kwanza, ukatoa vipovu, kisha vipovu vikatulia na uso ukaanza kulainika. Akilitoa mapema, mpako hubaki mkavu, haujaiva. Akichelewa, huyeyuka ukatiririka na kung'aa kupita kiasi. Akishaona wakati umefika, hulikamata kwa koleo na kulivuta nje likiwa jekundu kama kaa. Kupoa ghafla ndiko kunakolipa weusi. Rangi hiyo isingetokea kama lingeachwa lipoe taratibu na tanuri. Mahali koleo liliposhika hubaki alama, na alama hiyo haifutwi, kwa kuwa pasipo koleo weusi wenyewe usingepatikana.

Sehemu ya fundi inaishia hapo. Sabi hawezi kuichoma tanurini, kwa sababu sabi ni kile ambacho miaka hukitia kwenye kitu kinachotumiwa na kutunzwa: kufifia, kulainika, upweke wa kitu kilichodumu kuliko wamiliki wake. Udongo wa Raku hunyonya maji, hivyo bakuli hulowekwa kidogo kwenye maji ya vuguvugu kabla ya chai, na baada ya kuoshwa huachwa likauke kabisa ndipo lirudi kwenye sanduku lake la mbao. Likifungiwa na unyevu, huota ukungu na kunuka. Anayejaribu kuzeesha bakuli jipya kwa masizi au kwa kulisugua hupata bakuli chafu, basi.

Miongoni mwa kazi za Chojiro ni bakuli jeusi liitwalo Oguro, ambalo serikali ya Japani imelisajili kuwa mali muhimu ya utamaduni. Halina ua wala mstari wa rangi, wala jina la aliyelifinyanga halikuandikwa juu yake. Kwa hiyo ukiuziwa kikombe kilichopindwa na kupasuliwa kiwandani ukaambiwa ndiyo wabi-sabi, kijaze chai ya moto kwanza, ukishike kwa mikono miwili, uone kama kinashikika.