Bei ya Mabaki: Hesabu na Ukimya katika Hadithi Fupi ya Binti wa Kondakta wa Choma

Hadithi fupi inayojadiliwa hapa imewekwa Choma cha Nkola, wilayani Igunga, mkoani Tabora. Mhusika wake mkuu hapewi jina. Majirani na msimulizi humwita binti wa konda, kwa kazi ya baba yake. Kisa chenyewe ni chepesi: msichana huyu huokota vipande vya vitambaa vinavyobaki kwa fundi cherehani, huvishona kuwa vibanio vya nywele na mifuko midogo, na huviuza gulioni. Wasomaji wengi wangeiweka mara moja katika kundi la hadithi za ujasiriamali, ambamo bidii hulipwa mwishoni. Usomaji huo unaruhusiwa na matini, lakini unaliacha kando swali ambalo hadithi yenyewe imeliibua: mabaki ni mali ya nani?

Swali hili halionekani wazi mpaka tuangalie namna kitambaa kinavyopita mikononi mwa watu. Mteja hununua kitenge chake dukani, mara nyingi pisi ya yadi 6, kisha hukipeleka kwa fundi. Gauni la kawaida huchukua yadi 3 au 4, na mteja mwangalifu hudai kinachobaki ili apate kilemba. Vipande vidogo vya makwapani, shingoni na kwenye pindo havidaiwi. Kwa desturi huachwa sakafuni, fundi huvifagia, na jioni huchomwa au hutumika kujazia mito. Aliyevilipia ni mteja, aliyevikata ni fundi, na katika hadithi anayevipa thamani ni msichana. Kila mmoja wa watatu hawa ana hoja ya kuvidai, na hakuna mkataba uliowahi kuandikwa baina yao.

Mwandishi ameonyesha ustadi mkubwa katika kumchagua baba. Katika daladala na magari madogo ya abiria nchini Tanzania, dereva na kondakta hulazimika kumpelekea mwenye gari kiasi kilichokwisha kupangwa, kinachoitwa hesabu. Hujaza mafuta, hulipa ushuru wa stendi, hutimiza hesabu, na kinachosalia ndicho chao. Siku ya mvua au ya tairi kupasuka, hakisalii kitu. Kwa hiyo baba naye huishi kwa mabaki. Hadithi hailisemi jambo hili hata mara moja. Inaweka tu onyesho la jioni ambamo baba anapanga noti juu ya mkeka na kutenga fungu la tajiri kwanza, huku binti upande wa pili akipanga vipande vyake kwa rangi. Sambamba hiyo inatosha. Msimulizi angeongeza sentensi moja ya ufafanuzi, onyesho lingeharibika.

Upande wa kazi yenyewe, matini ina usahihi ambao si wa kawaida katika hadithi fupi za aina hii. Msichana hujifunza kwamba kipande cha shingo, ambacho huja na umbo la mwezi mwandamo, kimekatwa hanamu sehemu kubwa, hivyo huvutika kinaposhonwa na kuufanya mshono upinde. Vinavyofaa ni vile virefu vya pembeni, vinavyofuata mtande. Kibanio kimoja cha nywele huhitaji ukanda wa upana wa kama sentimita 10 na urefu wa sentimita 50, pamoja na lastiki fupi. Mfuko wake wa kwanza unaponyauka baada ya kufuliwa, anagundua kwamba amechanganya pamba na poliesta: pamba imeruka, poliesta imebaki vilevile, na mishono imekunjamana. Tangu hapo huchomoa uzi na kuuchoma kwa kiberiti kabla ya kuchagua. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Maelezo haya yanaenda pamoja na usawiri wa mhusika: hatuambiwi kwamba ana akili, tunaiona akili yake ikifanya kazi.

Kitovu cha hadithi ni hesabu iliyo katikati yake. Msichana anashona vibanio 12 na kuviuza kwa shilingi 500 kila kimoja, akapata 6,000. Lastiki imemgharimu 1,500, uzi 1,000, na kutumia cherehani ya jirani 1,000. Anabakiwa na 2,500 kwa kazi ya siku mbili. Wiki chache baadaye, fundi aliyekuwa akimwachia vipande bure anaona bidhaa gulioni na kutaka 2,000 kwa kila mfuko wa mabaki. Faida inashuka hadi 500. Kitu kilichokuwa takataka kimepata bei kwa sababu ya kazi ya msichana, na bei hiyo inakwenda kwa mtu mwingine.

Mabadiliko haya mwandishi ameyabeba kwa lugha ya maamkizi. Kabla ya siku ile msichana huamkia shikamoo, naye fundi huitikia marahaba na kumwita mwanangu. Siku ya madai fundi anaitikia vilevile, ila anamwita binti. Neno hilo halina ubaya. Kwa mazungumzo mengi ni la heshima. Hapa lakini linauondoa undugu wa kupanga uliokuwa ukifunika muamala, na msomaji anauelewa mvunjiko huo kabla fedha haijatajwa. Kwa maoni yangu ndiyo sehemu bora kuliko zote katika matini.

Mandhari ya Tabora yanaongeza uzito ambao huenda mwandishi hakuukusudia. Katika karne ya 19, njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji iliendeshwa kwa vitambaa. Merikani, kaniki na nguo za rangi zilikuwa ndizo fedha: mpagazi alilipwa kwa nguo, chakula kilinunuliwa kwa nguo, na mtemi aliutoza msafara hongo kwa nguo. Kipimo kilikuwa mkono, shuka ikiwa mikono 4 na doti mikono 8. Thamani ilikaa katika urefu uliokamilika. Binti wa konda anatafuta riziki katika kile ambacho kipimo hicho kisingekihesabu kabisa.

Udhaifu wa hadithi uko baada ya madai ya fundi. Hadi hapo msimulizi ametumia onyesho, akituonyesha kila senti. Ghafla anageukia muhtasari: katika aya moja msichana ana cherehani yake na kibanda stendi. Kwa istilahi za naratolojia, kasi ya usimulizi imepanda pale tu ambapo mgogoro ulihitaji ipungue. Kwa faida ya shilingi 500 kila siku mbili, cherehani haipatikani kwa njia yoyote ambayo matini imetuandalia. Je, alipandisha bei ya vibanio? Aliwaendea wateja wenyewe kuomba mabaki yao kabla hayajafika kwa fundi? Baba alipunguza fungu la tajiri? Kila jibu lingekuwa na gharama, hasa la tatu, kwa kuwa kondakta asiyetimiza hesabu hupoteza gari. Inaelekea mapokeo ya hadithi ya adili, ambamo mwema hutuzwa, yamemvuta mwandishi kuondoka katika uhalisia aliokwisha kuujenga.

Hata hivyo kuna tukio moja dogo ambalo muhtasari huo haukulifuta. Mwanamke mmoja gulioni anakitambua kitenge chake katika kibanio, anakigeuza mkononi, kisha anauliza bei. Msichana anaitaja. Mwanamke analipa, na hadithi haisemi alikuwa akinunua nini.