Paa la Chilangala: picha nzuri, parapeti imepinda

Msomaji, wiki iliyopita nilioneshwa picha ya kompyuta ya paa la nyumba ya wageni inayotarajiwa kujengwa Chilangala, kwenye uwanda wa Makonde. Juu ya slabu kuna viti, vyungu vikubwa vya maua, pagola moja na miavuli, na nyuma anga la machweo. Mwenye jengo, mzee mmoja wa korosho, alikuwa ameihesabu tayari: meza tisa. Picha inapendeza kweli. Ila mimi niliangalia parapeti kwanza, na hapo ndipo raha ikaisha.

Hebu jaribu nilichofanya. Chukua karatasi yenye ukingo ulionyooka, ilaze juu ya mstari wa parapeti ya mbali. Ukuta ule ni wa tofali, umenyooka. Kwenye chapa ya A3, upande wa kulia mstari uliiacha karatasi kwa milimita nne hivi. Lenzi ya kawaida ya kompyuta haipindishi mistari iliyonyooka kabisa. Kwa hiyo kuna mtu aliyeivuta picha baada ya kutoka.

Kipimo cha pili ni kizuri zaidi, na hakihitaji kompyuta. Kamera ikiwa sawa bila kuinama, upeo wa macho hupita kwenye kimo cha kamera, kila mahali. Kamera hii ilikuwa mita 1.6 juu ya slabu na parapeti ni mita 1.1. Basi ukipima toka chini ya ukuta hadi kwenye upeo, ukingo wa juu wa ukuta lazima uwe kwenye asilimia 69 ya njia, uwe ukuta wa karibu au wa mbali. Kona ya kushoto nilipata 69. Kona ya kulia nikapata 80. Ukuta mmoja, vimo viwili!

Kijana aliyeichora alinifungulia faili bila kinyongo. Kwenye `Focal Length` aliweka 16 mm, na fremu ina upana wa 36 mm. Lenzi pana hivyo huweka mistari sawa, lakini vitu vya pembeni huvivuta nje, mara 2.3 hivi ukingoni kabisa. Mwavuli wa duara ukawa kama yai, chungu kikanenepa. Akaona aibu, akauvuta mwavuli urudi kuwa duara kwenye programu ya picha, na parapeti iliyokuwa nyuma yake ikavutika nao. Huwezi kuvipata vyote viwili kwa lenzi hiyo: ama mistari minyoofu, ama maduara mazuri pembeni.

Lakini kwa nini 16 mm? Paa lina urefu wa mita 9 na upana wa mita 6. Ukisimama mwisho mmoja ukatazama mwingine, lenzi ya 16 mm inaona upana wa mita 20 kule mbali, na parapeti ya mita 6 inachukua asilimia 30 tu ya picha. Paa linaonekana refu kama uwanja wa mpira. Kwa 35 mm unaona mita 9.3, na parapeti ileile inachukua asilimia 65. Inatosha kabisa, wala huhitaji kutoka nje ya paa. Pembeni mvuto unashuka hadi mara 1.26, na mwavuli ukiuweka mbali kidogo na ukingo wa picha hakuna atakayeuona.

Tatizo lingine: ukitaka viti vya mbele vionekane, usiinamishe kamera, kwani kona za ukuta zitaanza kukutana chini. Acha mzunguko wa X uwe nyuzi 90, kisha shusha fremu kwa `Shift Y`, mfano -0.15. Nguzo za pagola zinabaki wima.

Anga nalo lina neno. Nyuma wamebandika minara ya Dar es Salaam, na jua linazama kusini, upande wa bonde la Ruvuma. Hapa, nyuzi 11 kusini mwa ikweta, jua huzama magharibi, likicheza nyuzi 24 hivi kila upande kwa mwaka mzima. Kusini halifiki. Halafu baada ya kuzama una dakika 22 hivi za mwanga, si zaidi. Weka mikorosho na mabati, na rangi ya chungwa ihamie upande wa kulia.

Kijana alirudia kazi usiku huohuo. Nilipima: 69 kushoto, 69 kulia. Meza zilizoingia bila kubanana zilikuwa tano. Mzee aliitazama picha muda mrefu, akauliza kama tofali alizokwisha kuagiza zinaweza kurudishwa.