Puli Haikuwa Tiba

Feni ya ukumbi ule wa mikutano wa Makiso haikuwa na kosa lolote, na bado ndiyo iliyoadhibiwa. Tundu la mwisho lilipotoa hewa kidogo, mafundi walifungua ukanda, wakafunga puli ndogo zaidi upande wa feni, wakaongeza mzunguko kwa karibu asilimia 19. Kipimo cha tundu la mwisho kikapanda hadi kiwango cha mchoro, karatasi ya makabidhiano ikatiwa saini. Uamuzi huo ulikuwa mbaya kuliko kasoro uliyokusudia kuiondoa, na ninataka tuupitie polepole, kwa sababu mjini Kisangani nimeshauona ukirudiwa mno.

Mchoro wenyewe mnaujua. Hewa mita za ujazo 2 kwa sekunde, dakti kuu ya duara, matawi manne ya 0.5 kila moja, mita 12 kati ya tawi na tawi. Mbunifu alitumia msuguano sawa, 0.8 Pa kwa mita, akapata kipenyo cha milimita 600, kisha 540, 460 na 355. Hesabu yake ya vipenyo ni safi. Mashine za kupooza, vichujio na uning'inizaji wa dakti, vyote ni kazi nzuri.

Msuguano sawa, hata hivyo, unasawazisha upotevu kwa kila mita. Hausawazishi shinikizo tuli linalokuta kila tawi. Tawi la kwanza liko karibu na feni, la nne liko mita 36 mbele yake, na katika mita hizo msuguano unakula Pa 29. Sehemu ya hasara hiyo hurudi yenyewe. Kasi inashuka kutoka mita 7.1 kwa sekunde hadi 5.1, hivyo shinikizo la mwendo linashuka kutoka Pa 30 hadi 15, na tukichukua kwamba robo tatu ya tofauti hiyo inageuka kuwa shinikizo tuli, tunarudishiwa Pa 11. Wengi wanaotumia njia hii hawaihesabu hata hiyo. Hasara halisi kutoka tawi la kwanza hadi la nne inabaki Pa 18.

Sasa tawi pamoja na tundu lake vinahitaji Pa 20 kupitisha hewa yake. Kukiwa na Pa 20 mwishoni, mwanzoni kuna 38. Mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha shinikizo, kwa hiyo tundu la kwanza linatoa karibu mara 1.38 ya la mwisho. Feni ikileta zile mita za ujazo 2 kamili, la kwanza linapata kama 0.58 na la nne 0.42. Hiyo ndiyo njaa iliyoonekana siku ile, na haikutoka kwenye feni.

Ukiongeza mzunguko wa feni huku dakti ikiwa ileile, mtiririko wa kila tundu unapanda kwa uwiano uleule. La nne likatoka 0.42 likafika 0.5, watu wakafurahi. La kwanza likatoka 0.58 likafika 0.69, na hapo hakuna aliyeweka kipimo. Uwiano ulibaki 1.38 kabla na baada, na huo ndio ushahidi ambao fundi yeyote angeupata kwa kupima matundu mawili badala ya moja. Waliokaa chini ya tundu la kwanza sasa wanavaa makoti kwenye mji ulio karibu na Ikweta.

Gharama yake haikuishia kwenye makoti. Nguvu inayotakiwa na feni hupanda kwa kipeo cha tatu cha mzunguko: 1.19 mara tatu kwa yenyewe ni karibu 1.7. Feni iliyokuwa ikihitaji kilowati 1.3 inahitaji 2.2. Umeme wa bwawa la Tshopo unapokosekana, tofauti hiyo inalipwa kwa mafuta ya jenereta, kila saa ya kila mkutano. Na kuna koili. Ilichaguliwa kwa hewa inayopita usoni mwake kwa mita 2.5 kwa sekunde. Sasa inapita kwa karibu 3, kasi inayoweza kuyang'oa matone kwenye mapezi na kuyapeleka ndani ya dakti. Katika unyevu wa Kisangani koili inatoa maji mfululizo. Atakayeona madoa kwenye dari karibu na tundu la kwanza asianze kulaumu paa.

Nimewahi kusema, na ninarudia, kwamba ile 0.8 imekuwa sala. Inaandikwa kabla mtu hajatazama umbo la jengo. Mwaka 1948 Huebscher alitupatia njia ya kugeuza dakti ya pembe nne kuwa kipenyo cha duara kinacholingana nayo kwa msuguano, na watu wa kizazi chake walikaa na kalamu wakipitia kipande kimoja baada ya kingine. Vitabu vya Carrier vya miaka ya 1960 viliweka urejesho wa shinikizo tuli kando ya msuguano sawa, bila kuuficha kwenye kiambatisho. Leo kompyuta inafanya hesabu hiyo kwa kufumba na kufumbua, na bado tunachagua njia ya uvivu.

Kwa ukumbi huu urejesho ungekwenda hivi. Unaacha 600 mwanzoni. Kwa kipande cha pili unatafuta kipenyo ambacho kushuka kwa kasi kunarudisha Pa zilezile ambazo msuguano wa kipande hicho utakula. Kwa milimita 570 zinarudi Pa 7 na msuguano ni 7.2. Kipande cha tatu kinakubali kwenye 520, cha nne kwenye 420. Kila tawi linakuta karibu Pa 20. Bati linaloongezeka ni kama mita 6 za mraba, yaani mabati mawili ya mita 1.22 kwa 2.44, ukiacha mikunjo na mabaki.

Mpinzani atasema robo tatu ni ndoto, kwamba tawi lililokatwa kwa ukingo mkali halirudishi kiasi hicho. Ana haki. Tuchukue nusu tu: kwa vipenyo hivihivi inabaki hasara ya Pa 6, na tundu la kwanza linazidi la mwisho kwa asilimia 13. Hiyo inasawazishwa kwa dampa iliyofungwa kidogo, bila kelele. Njia hii ina mpaka wake: kasi ya mwanzo ikiwa ndogo hakuna cha kurudisha, na dakti ya mwisho inaweza kunenepa hadi isiingie juu ya dari. Hapa ingeingia.

Bado kuna la kufanya. Rudisheni puli ya zamani. Vunjeni vipande viwili vya mwisho tu, wekeni 520 na 420. Kipande cha tatu kitarudisha Pa 9 na kula 5, cha nne kitajilipa chenyewe, na tofauti kati ya tawi la kwanza na la nne itashuka kutoka Pa 18 hadi kama 2. Tawi la pili ndilo litakuwa dhaifu, Pa 6 chini ya la kwanza, kwa hiyo dampa za matawi mengine zifungwe kidogo hadi manne yalingane, kisha yapimwe yote siku moja.