Nili ya Merton Abbey

Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza, William Perkin, alipata rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe, na tangu hapo viwanda vya Uingereza vikafurika vitambaa vya rangi kali, rahisi na nyingi, ambavyo William Morris, mshairi na mchoraji, alivichukia kwa moyo wake wote, kwani aliona vinachujuka vibaya na kumwondolea fundi ustadi wake. Hakutosheka na kulalamika. Alikwenda mji wa Leek, kwa mtia rangi Thomas Wardle, akaichovya mikono yake mwenyewe katika nili hata ikawa ya buluu, na mwaka 1881 akahamishia karakana zake Merton Abbey, ukingoni mwa mto Wandle.

Nili ina tabia ya ajabu: haiyeyuki katika maji mpaka iondolewe hewa ndani ya pipa, na kitambaa kikitolewa humo huwa na rangi ya kijani kibichi chenye umanjano, kisha hewa inapokigusa hugeuka buluu mbele ya macho ya mtazamaji. Morris alipotaka kuchapa ndege waliokuwa wakimwibia stroberi katika bustani ya nyumba yake ya Kelmscott, nakshi iliyokamilika mwaka 1883, hakuipaka buluu juu ya nguo nyeupe. Aliitia nguo yote nili, ndipo akaichapa kwa ubao uliochongwa, uliopakwa dawa ya kuing'oa buluu, ili weupe na buluu hafifu vizaliwe ndani ya kiza. Baadaye ulifuata wekundu, kisha umanjano, kila rangi kwa mbao zake, pamoja na kuosha na kuanika katikati, kazi ya siku kadhaa. Fundi aliweka ubao kwa macho na mkono, akaugonga kwa nyundo. Ukipotoka kidogo tu, wekundu wa tunda huvuka mpaka wake, au uwazi mweupe hubaki kando ya jani.

Mizunguko ya majani na mashina katika nakshi za Morris ilivuka bahari, na mwaka 1893 msanifu majengo Victor Horta aliipindisha kwa chuma katika nyumba ya Tassel, Brussels; naye, kwa maoni yangu, alithubutu kuliko Morris, kwa kuwa alikitiisha chuma, kitu cha viwanda chenyewe, kifuate tabia ya mmea.

Lakini subira ya Merton Abbey ilikuwa na bei. Nguo ile ya ndege ilikuwa miongoni mwa ghali kupita zote za Morris, ikanunuliwa na matajiri, ilhali mwaka huo huo wa 1883 yeye alijiunga na wajamaa, na hitilafu hiyo ilimuuma hata kufa kwake mwaka 1896.

Ewe msomaji, ukijaliwa kufika London, ingia jumba la makumbusho la Victoria na Albert, uitazame nguo hiyo kwa karibu, hasa pale wekundu wa tunda unapokutana na buluu.