Dakika mbili, na imidazoli imebaki nyuma!

Nimeiona kwa macho yangu na bado nashangaa. Kolamu ndogo ya Zeba, ile ya nusu mililita, inayoingia ndani ya kichupa cha sentrifuji kama kidole ndani ya pete, imenitolea imidazoli kwenye protini kwa muda ambao dayalisisi isingekuwa hata imeanza. Dayalisisi nimeizoea: mfuko, bika, kusubiri hadi asubuhi. Hapa unazungusha dakika mbili, na kazi imekwisha!

Nilichagua protini ya kijani, GFP, iliyotoka kwenye nikeli ikiwa ndani ya bafa yenye milimola 250 za imidazoli. Uzuri wake ni kwamba unaiona. Ina uzito wa kilodaltoni 27 hivi, na rezini hii imetengenezwa kwa ajili ya protini zinazozidi kilodaltoni 7. Kwa hiyo GFP haipenyi kwenye vitundu vya punje za jeli. Inapita nje yake na kuwahi chini. Imidazoli ni ndogo mno, inaingia kila kitundu, na sentrifuji inaposimama bado imo humo humo ndani ya jeli.

Kwanza unatoa maji ya kuhifadhia kwa kuzungusha dakika moja kwa 1,500 g. Tafadhali, hizo ni g, si mizunguko! Kwenye rota yenye nusu kipenyo cha sentimita 8, 1,500 g ni mizunguko kama 4,100 kwa dakika. Jeli ikishakauka utaona imeegemea upande mmoja, imepanda kama mteremko. Weka alama ya kalamu upande ule uliopanda, na kila unaporudisha kolamu kwenye rota, alama itazame nje. Ukiigeuza, sampuli inaweza kuteleza pembeni mwa jeli badala ya kupita ndani yake, na chumvi ikashuka pamoja na protini. Kisha osha kwa mikrolita 300 za PBS, zungusha dakika moja, mwaga, na urudie mara mbili zaidi.

Sasa ndipo utamu! Kolamu ikiwa ndani ya kichupa kipya, nikadondosha mikrolita 100 polepole katikati ya jeli, pipeti isiguse ukuta. Kijani kikazama chote. Dakika mbili kwa 1,500 g, nikafungua, na kijani kile kile kilikuwa chini kwenye kichupa, huku jeli ikibaki nyeupe kabisa. Nyeupe! Kama ingebaki na rangi, ningejua protini imekwama, jambo linalotokea hasa sampuli ikiwa kidogo. Ndiyo maana chini ya mikrolita 70 unaongeza mikrolita 15 za bafa juu yake, ili iisukume protini iliyobaki. Juu ya mikrolita 130 usiende, maana imidazoli itaanza kuvuja.

Lakini imetoka kiasi gani? Hapa ndipo wengi wanaionea kolamu hii bure. Wanasoma nanomita 280 kabla na baada, wakisahau kwamba imidazoli nayo hufyonza mwanga huo. Spektrofotometa ikiwa imewekwa sifuri kwa PBS, sampuli ya kwanza inaonekana na protini nyingi kuliko iliyonayo, na kolamu inashutumiwa kuila. Mimi nilitumia kipimo cha Bradford, sampuli zote mbili zikiwa zimepunguzwa mara kumi kwa PBS ile ile. Hata kama GFP haishiki rangi sawasawa na albumini ya kulinganishia, hitilafu hiyo iko kwenye namba zote mbili, kwa hiyo uwiano hauyumbi sana.

Namba zenyewe: miligramu 2.0 kwa mililita zilizoingia, 1.75 zilizotoka. Ukiishia hapo utasema asilimia 87.5. Usiishie hapo! Nilipima kichupa kwenye mizani kikiwa kitupu na kikiwa na sampuli. Tofauti ilikuwa miligramu 106, yaani takriban mikrolita 106. Sampuli ilikuwa imeongezeka kidogo kwa bafa iliyobaki kwenye jeli. Basi ziliingia mikrogramu 200, zikatoka 185.5, karibu asilimia 93. Mizani ile ndiyo iliyotenganisha protini iliyopotea na protini iliyozimuliwa tu.

Kwa imidazoli, kolamu ya pili niliipa bafa ile ile isiyo na protini, nikasoma kilichotoka kwenye nanomita 280 dhidi ya PBS: kilikaribia sifuri. Ningekuwa na peptidi ya kilodaltoni 3 nisingeithubutu, ingezama kwenye vitundu pamoja na chumvi. Na protini nyembamba sana, ya mikrogramu chache kwa mililita, sehemu yake kubwa ingenatia kwenye jeli na plastiki. Ila kwa GFP hii, mchana ule ule ilikuwa tayari kwa jaribio lililofuata!